Matumbo na maini ya Idd: kusafisha, kupika na kuweka

Kila Idd-ul-Hajj ikikaribia huulizwa maswali yale yale na jamaa na majirani: matumbo yasafishwe vipi hata harufu iishe, maini yapikwe kiasi gani, na supu ikibaki inakaa siku ngapi. Leo nayaweka majibu pamoja, nikichukua mbuzi mmoja wa kuchinjwa nyumbani, kwa sababu huko ndiko makosa hutokea. Machinjioni kuna mkaguzi na maji ya kutosha. Nyuani kwetu kuna mwembe, beseni mbili na watu wenye njaa.

Nianze na jambo ninalolilalamikia kila mwaka. Mbuzi akishaangikwa, wanaume hushughulika na nyama: kuchuna, kukata mapaja, kupima mafungu ya masikini, ya jamaa na ya nyumbani. Matumbo huwekwa pembeni kwenye karai yakingoja akina mama, na akina mama wako jikoni na pilau. Ikifika saa sita mchana ndipo mtu anayakumbuka. Hapo yamekaa saa tatu au nne kwenye joto, na ndani mna majani yaliyosagika nusu yakiendelea kuchacha kama alivyokuwa hai. Hewa hujaa, tumbo huvimba, na ile harufu hupenya kwenye kuta za tumbo lenyewe. Ndimu kumi hazitaitoa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni ya mpangilio: matumbo ndiyo yashughulikiwe mwanzo, nyama ifuate. Nyama ya paja itavumilia kungoja kidogo kivulini, matumbo hayavumilii.

Kabla ya kutoa matumbo, funga kwa kamba sehemu mbili: umio kule shingoni, na utumbo wa mwisho kule nyuma. Usipofunga, yaliyomo yatamwagika juu ya nyama, na vijidudu vinavyoishi tumboni mwa mnyama bila kumdhuru, kama vile ikolai na salmonela, ndivyo vinavyotuharisha sisi. Mara matumbo yakitoka, tenga ini na moyo kwenye chombo chao safi chenye kifuniko. Nyongo ikatwe taratibu pamoja na kipande kidogo cha ini kilichoshikana nayo. Ikipasuka, suuza upesi na ukate sehemu yoyote iliyogeuka rangi ya kijani, la sivyo ini zima litakuwa chungu.

Tuseme mbuzi amechinjwa saa mbili na nusu asubuhi. Saa tatu na nusu, kwa uchache, tumbo liwe limeshapasuliwa na kumwagwa. Limwage mbali na mahali nyama ilipo, kwenye shimo ulilochimba mapema, si kwenye mtaro wa maji unaopita mlangoni kwa jirani.

Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne na havisafishwi sawasawa. Kile kikubwa kina ngozi ya ndani yenye vinyweleo kama taulo, rangi ya kahawia iliyoiva. Kinachofuata kina vijumba kama sega la nyuki. Cha tatu ni kile watu wengi hukiita kitabu, kwa kuwa kina kurasa nyembamba nyingi zilizopangana. Cha nne ni laini na chenye utelezi. Ukiona matumbo yaliyopikwa yakiwa na mchanga au vipande vya nyasi, jua ni kitabu hakikufunguliwa. Kila ukurasa wataka kufunuliwa kwa kidole chini ya maji yanayotiririka. Mwenye haraka ni afadhali akitupe kitabu kuliko kukiosha nusu nusu.

Maji ya kwanza yawe baridi. Nimeona watu wakimimina maji ya moto papo hapo wakidhani ndiyo usafi zaidi. Ute uliomo tumboni ni kama ute wa yai: ukipata moto huganda, na ukishaganda umejishikiza na uchafu wake. Suuza kwa maji baridi mara tatu au nne, ukibadilisha maji kila mara, mpaka majani yote yaishe na utelezi upungue.

Baada ya hapo ndipo zamu ya maji ya moto, kwa kazi maalumu ya kuvua ile ngozi nyeusi ya taulo. Hapa kipimo kina maana. Maji yanayochemka kabisa hupika ngozi ikagandamana na tumbo, nawe utakwangua hadi jioni. Yakiwa ya vuguvugu tu, haibanduki. Inayofaa ni kama nyuzi 65. Huhitaji kipimajoto kwa hili: chemsha lita mbili za maji, uchanganye na lita mbili za maji ya mfereji. Maji ya mfereji kwetu pwani huwa na nyuzi zipatazo 28, kwa hiyo mchanganyiko hutoka nyuzi 64 hivi. Tumbukiza tumbo, subiri dakika tatu hadi tano, kisha jaribu kwa ukucha pembeni. Ngozi ikitoka kama ganda la nyanya iliyochomwa, toa vyote uanze kukwangua kwa kijiko au kwa mgongo wa kisu. Isipotoka, rudisha dakika mbili nyingine. Tumbo la ng'ombe ni nene na huchukua hata dakika kumi, na itabidi uongeze maji ya moto katikati kwa sababu yanapoa.

Chango, yaani utumbo mwembamba, hugeuzwa ndani nje kwa kijiti laini kisicho na ncha, au huchanwa kwa urefu wote kwa kisu kidogo. Kuusukumia maji kutoka upande mmoja tu hakutoshi. Ute ung'ang'aniao ukuta haung'oki kwa maji peke yake.

Sasa chumvi na ndimu. Sugua kwa chumvi ya mawe konzi moja, kisha ndimu au siki, uache dakika kumi, usuuze. Wengine huongeza unga wa ngano, nao husaidia kubeba utelezi. Lakini tuelewane: ndimu huondoa utelezi na harufu, haiui vijidudu vya kutosha kukulinda. Kinachoua ni moto. Wala usitie sabuni ya unga au dawa ya kung'arishia nguo ili matumbo yawe meupe. Tumbo lina vitundu na mikunjo, hunyonya dawa hiyo, na huwezi kuisuuza ikaisha. Matumbo safi ya nyumbani hayawi meupe kama karatasi. Huwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na hilo si kasoro.

Na beseni uliyooshea matumbo isioshewe kachumbari. Najua ni neno dogo, lakini siku ya Idd vyombo huwa vichache na mikono mingi. Kachumbari haipikwi, kwa hiyo chochote kilichobaki kwenye beseni hiyo kitaliwa kikiwa hai. Weka alama, beseni ya rangi moja iwe ya matumbo tu, na kibao cha kukatia vivyo hivyo.

Sufuriani, matumbo yetu ya saa nne na nusu yanachemshwa mara ya kwanza kwa dakika 15 bila viungo, na maji hayo yanamwagwa. Povu lake la kijivu na harufu yake vitakuonyesha kwa nini. Kisha maji mapya, thomu, tangawizi, pilipili manga, chumvi na kitunguu, moto wa wastani uliofunikwa. Matumbo ya mbuzi hulainika kwa saa moja na nusu mpaka mbili, ya ng'ombe saa tatu au zaidi. Kwa presha ni dakika 30 za mbuzi na 45 hadi 60 za ng'ombe. Wa kutia nazi atie mwishoni, tui zito lisichemke kwa muda mrefu. Kwa upande wa usalama, matumbo hayana shida ya moto, kwa sababu kitu kilichochemka saa mbili kimeshapita kipimo chochote. Shida yake iko kabla ya jiko na baada ya jiko. Maini ni kinyume chake.

Ini lataka macho kabla ya moto

Ini zima la mbuzi mwenye afya lina rangi moja ya hudhurungi nyekundu, ni laini mguuni mwa kidole, ukilibonyeza linarudi, na kingo zake ni kali. Lipasue vipande vitatu vinne na uangalie ndani. Kuna mambo matatu ambayo hukutwa kwa wanyama wa huku kwetu.

La kwanza ni minyoo ya ini, iliyo bapa kama jani dogo. Mirija ya ini huwa migumu na myeupe kama bomba, na kisu kikipita huhisi kama kinakata mchanga. Mnyama huipata kwa kula majani ya mahali penye maji na konokono, kwa hiyo wanaolishwa kandokando ya mito na mabwawa ndio wenye nayo zaidi. La pili ni vifuko vyenye maji maangavu, vidogo kama maharagwe au vikubwa kama yai, kwenye ini au mapafu. La tatu ni jipu, lenye usaha mzito wa manjano.

Katika yote matatu, mimi ini hilo silili na simpi mtu, japo wapo watakaokwambia kata hapo palipoharibika upike pengine. Mkaguzi aliyesomea anaweza kuamua hivyo. Sheria ya Kenya ya udhibiti wa nyama imeweka ukaguzi kuwa kazi ya mtu maalumu, na si vigumu kwa mtaa wenye wanyama kumi wa kuchinja kumwomba afisa wa mifugo wa kaunti apite asubuhi hiyo. Ikiwa hayupo, tumia tahadhari ya mtu asiye na darubini.

Lakini vile vifuko vya maji vina jambo ambalo wengi hawalijui. Hatari yake kubwa haiko kwa mlaji. Iko kwa mbwa. Ndani ya vifuko mna vichwa vidogo vya tegu. Mbwa akila ini au pafu hilo bichi, tegu hukua tumboni mwake na mayai hutoka kwenye kinyesi chake. Mtoto akichezea mchanga huo na kutia mkono mdomoni, mayai humwingia yeye, na vifuko vile vile huota ndani ya ini lake au mapafu yake, polepole kwa miaka, mpaka huhitaji kupasuliwa. Kaskazini mwa nchi yetu, hasa Turkana, ugonjwa huu umesumbua watu kwa muda mrefu. Kwa hiyo usimtupie mbwa wa mtaa ini lenye kasoro ukidhani unafanya hisani. Lichome, au lizike kwa kina cha urefu wa mkono mzima, na juu uweke mawe.

Kuhusu moto wa maini, kipimo kinachotumika ni nyuzi 71 katikati ya kipande kwa ini la mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, na nyuzi 74 kwa maini ya kuku. Kuku amewekewa zaidi kwa sababu vijidudu vyake haviko juu ya ini tu, hupatikana hata ndani ya nyama yenyewe. Kipimajoto cha jikoni ni kitu cha kununua mara moja, na kwa mwenye kupikia watu wengi ningesema ni lazima. Asiyekuwa nacho, afuate njia hii: kata ini vipande vya unene wa sentimita moja, vyote sawa. Kausha kwa kitambaa safi. Mafuta yapate moto kwanza, kisha weka vipande bila kuvirundika, dakika tatu upande wa kwanza na mbili hadi tatu upande wa pili. Halafu uvitie kwenye rojo lako la nyanya, kitunguu, thomu na bizari linalotokota, ufunike dakika tano. Malizia na ndimu na kotmiri. Hizo dakika tano za rojo ndizo zinazokuhakikishia kwamba katikati kumefika.

Kata kipande kinene kuliko vyote uangalie. Kisiwe na wekundu mbichi wala kamasi, na maji yanayotoka yawe maangavu. Kikiwa na weupe wa waridi kidogo na hujapima, rudisha jikoni. Tatizo la kweli ni kwamba ini hugeuka raba likipita sana kipimo hicho. Kati ya ini bichi na ini la raba kuna dakika chache, ndiyo maana unene sawa una faida kuliko viungo vyovyote. Mishkaki ya maini ndiyo ninayoiogopa zaidi, maana makaa huunguza nje kwa dakika mbili na ndani bado kuna damu. Vipande vya mshikaki viwe vidogo, visibanane kwenye kijiti, na moto uwe wa makaa yaliyofunikwa na majivu, si wa miale.

Damu

Hapa kwetu neno ni fupi. Damu inayotiririka wakati wa kuchinja ni haramu, na Suratul An'am imelitaja hilo wazi katika aya ya 145. Ini na bandama zimeruhusiwa kwa hadithi mashuhuri inayozihesabu kuwa damu mbili za halali, na ile nyekundu inayobaki kwenye mishipa ya nyama baada ya kuchinja haina lawama kwa wanazuoni.

Hata hivyo tunaishi na majirani wasio Waislamu, na jioni barabara zetu zina majiko ya mutura, chango cha mbuzi au ng'ombe kilichojazwa nyama ya kusagwa, damu, kitunguu na pilipili. Sina la kuwaambia kuhusu dini yao, ila la afya ni lile lile: damu ni chakula cha vijidudu kabla haijawa chakula cha mtu. Ikikingwa kwenye ndoo na kuachwa jua kali, saa moja ni nyingi. Mutura unaofuata utaratibu huchemshwa kwanza mpaka damu ya katikati igande kabisa, ndipo uchomwe kwa ladha. Ukikatwa na katikati ukachuruzika, haujaiva. Kwa Mwislamu anayenunua mishkaki, swali ni lingine: wapo wachuuzi wanaochoma vyote viwili jiko moja na kukatia kwa kisu kimoja. Uliza kabla ya kutoa pesa.

Wanaochinja nao wajilinde na damu. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2006 hadi 2007 uligusa Garisa na Tana River, na njia moja ya kuambukizwa ilikuwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Mnyama aliyezubaa, mwenye homa au aliyeharibu mimba baada ya mvua kubwa hachinjwi. Mwenye kidonda mkononi avae glavu.

Yaliyobaki

Vijidudu huongezeka kwa kasi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, kama lilivyo Mombasa mwezi wa Februari, iwe saa moja tu. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa na sufuria kubwa ya supu.

Fikiria sufuria ya lita 20 iliyotoka jikoni saa saba mchana. Wageni wanakula, na saa kumi imebaki nusu. Inafunikwa "ipoe kwanza" na kusahauliwa hadi Isha. Supu nzito ndani ya sufuria nene hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na zikipata uvuguvugu huo ndani ya mchuzi wa nyama usio na hewa huzaana haraka mno. Kesho yake supu hainuki, haina povu, na ladha ni nzuri. Wanaokula huumwa na tumbo na kuharisha kati ya saa 6 na 24 baadaye, na lawama humwangukia muuza nyama.

Njia ni kugawa. Mimina supu kwenye bakuli pana, kina kisizidi sentimita tano, uziweke ndani ya beseni ya maji baridi au yenye barafu, ukikoroga. Zikishapungua mvuke, ndani ya saa mbili, ziingie kwenye friji. Kuweka sufuria nzima ya moto ndani ya friji hakusaidii, kwani katikati itabaki na moto na vyakula vingine vitapata joto.

Ndani ya friji yenye nyuzi 4 au chini, maini na matumbo mabichi hukaa siku moja au mbili, si zaidi. Hayana uvumilivu wa nyama ya paja. Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa miezi mitatu hadi minne yakiwa bado mazuri. Yaliyopikwa hukaa friji siku tatu hadi nne. Andika tarehe kwenye mfuko, maana nyama ya Idd hufanana yote ikishaganda. Kuyeyusha kuwe ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza kutoka alfajiri hadi adhuhuri.

Kupasha moto ni mpaka kichemke kabisa, kote, na ni mara moja. Pasha kile utakachokula tu. Wako wanaosema chakula kilicholala nje "kikichemshwa tena hakina neno". Si kweli, kwa sababu baadhi ya vijidudu huacha sumu isiyovunjika kwa kuchemsha. Kidudu hufa, sumu hubaki.

Stima ikipotea, usifungue friji. Ikifungwa hubaki na ubaridi kwa saa nne. Friza iliyojaa huhimili saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Stima ikirudi, kilichobaki na chembe za barafu ndani yake kinaweza kugandishwa tena au kupikwa. Maini yaliyoyeyuka na kupata uvuguvugu ni ya kutupa, hata kama hayanuki, nayo yazikwe mbali na mbwa kama nilivyosema.